Watu watatu wa boma moja, kila mmoja ana sisti ya ini ya sentimita 7, na kila mmoja kaambiwa lake. Nawaelezaje?

Tabibu Nyikani

Wakuu, habari za kazi. Mimi ni tabibu huku Turkana, zahanati ndogo, mashine ya altrasaundi hatuna. Nina familia moja ambayo imeniweka kati na sijui niwajibu nini.

Mama wa miaka kama 30 alikuja na uzito upande wa kulia chini ya mbavu. Nikampa rufaa akapigwe picha. Kwa kuwa huku ugonjwa wa hidatidi, ule wa mnyoo wa mbwa unaojenga sisti, yaani vifuko vya maji, mwilini mwa mtu, tunaujua, nikawaomba na wa nyumbani kwake waende. Wakarudi watatu wana sisti kwenye ini: huyo mama, shemeji yake wa miaka kama 45, na mama mkwe ambaye ni mzee wa sitini na kitu. Ajabu ni kwamba vipimo vyote vinakaribiana, sentimita 7 kwa kila mmoja, pungufu au zaidi kidogo.

Sasa mama kaambiwa atatolewa maji kwa sindano. Shemeji kaambiwa upasuaji. Bibi kaambiwa rudi nyumbani, hakuna dawa, uje mwakani. Shemeji anasema ameonewa kwa sababu ndiye mwenye ng'ombe wa kuuza. Bibi naye anasema kwa kuwa ni mzee wameamua afe. Wote wananiuliza mimi: ugonjwa mmoja, ukubwa mmoja, mbona tiba tatu?

Ripoti zenyewe hazinisaidii. Zote tatu zimeandikwa karibu sawa: "Sisti ya hidatidi, ini kulia, sm 7."

Dk Chipukizi

Mkuu, hapo kuna mtu kakosea. Tulivyofundishwa ni ukubwa unaoamua. Chini ya sentimita 5 unampa albendazoli, dawa ya minyoo, peke yake. Kati ya 5 na 10 unafanya PAIR, yaani unatoboa, unavuta maji, unaingiza dawa ya kuua, unavuta tena. Zaidi ya 10 unaweka mrija au unampasua. Wote watatu wana 7, kwa hiyo wote PAIR. Huyo shemeji asikubali kupasuliwa.

Mama Probu

Daktari mdogo wangu, hizo namba zako ni sahihi, ila umezichukua ukaacha sentensi inayozitangulia. Hizo ni za sisti yenye chumba kimoja cha maji. Kabla ya kuuliza ni kubwa kiasi gani, unauliza ndani kuna nini.

Tabibu, pole na familia. Nimekaa Turkana miaka mingi nikipiga altrasaundi, na ripoti ya namna hiyo, "sisti sm 7" basi, ndiyo inayoleta ugomvi kama huo. Picha unazo? Kama zimechapishwa, usizitume humu, za wagonjwa hizo. Nieleze tu unachokiona kwa maneno yako. Rangi ya ndani, ukuta, kuna mistari au hakuna, na nyuma ya sisti kuna weupe au weusi.

Tabibu Nyikani

Asante mama. Ninazo mkononi, nitajaribu.

Ya mama: duara jeusi tupu, ukuta unaonekana vizuri, na sehemu moja ya ukuta ni kama mistari miwili myeupe sambamba yenye uzi mweusi katikati. Nyuma ya duara ini ni jeupe kuliko kwingine.

Ya shemeji: duara, lakini ndani ni kijivukijivu kama nyama, halafu mle kwenye ujivu kuna viduara vidogo vyeusi. Nahesabu vinne au vitano, kimoja kikubwa kuliko wenzake.

Ya bibi: ukuta mweupe mnene sana upande wa mbele, na nyuma yake giza. Ndani sioni kitu cha maana.

Mama Probu

Umeeleza vizuri kuliko aliyeandika ripoti. Sasa ngoja nikupeleke taratibu, maana hapa ndipo jibu la shemeji lilipo.

Hii sisti ina maisha. Inaanza ikiwa hai na imejaa maji, inazeeka, inaishia kuwa gamba. WHO ina mpango wa herufi na namba uliotoka 2003, kutoka CE1 hadi CE5, na ndio tunaoutumia kwenye ripoti.

Ya mama ni CE1. Maji masafi, chumba kimoja, na ile mistari miwili uliyoiona ndiyo kitambulisho: wa nje ni ukuta uliojengwa na mwili wa mgonjwa, wa ndani ni utando wa mnyoo mwenyewe. Mimi mgonjwa wa hivi namgeuza ubavu haraka huku probu, kile kichwa cha mashine ninachokishika, iko palepale. Mara nyingi utaona chembe nyeupe zinanyanyuka kutoka chini na kushuka polepole. Huo ni mchanga wa hidatidi, vichwa vya minyoo wachanga na vipande vya utando. Mgonjwa akilala kimya dakika kumi, mchanga wote umetulia chini na sisti inaonekana tupu kabisa. Ndiyo maana picha iliyochapishwa haitoshi, lazima mtu ageuzwe mbele yako.

Sasa fikiria sindano. CE1 ina chumba kimoja chenye maji. Ukiingia umefika kote. Unavuta, unaweka dawa, dawa inagusa utando mzima, unavuta tena. Kwa sentimita 7 ni mililita 180 hivi za maji, kazi inayowezekana. Kwa huyo, PAIR pamoja na albendazoli ni chaguo zuri.

Ya shemeji, kwa maelezo yako, ni CE3b. Ule ujivu ni sisti ya zamani iliyoporomoka na kuganda, na viduara vyeusi ni vifuko watoto, kila kimoja kina ukuta wake, maji yake na uhai wake. Ukiingiza sindano utaingia kifuko kimoja. Vingine vinne havijaguswa. Ule ugando wa katikati nao hauvutiki kwa sindano, na dawa haisambai ndani yake. Utafanya PAIR safi kabisa, baada ya miezi sisti itakuwa palepale, na mgonjwa atakwambia ulimdanganya. Albendazoli nayo kwa hii ni dhaifu. Kwa hiyo aliyemwambia upasuaji hakuangalia ng'ombe zake.

Ya bibi nitaisemea baadaye, kuna jambo nataka kukuuliza kwanza. Huo ukuta mweupe ni wa mzunguko wote au mbele tu?

Bi Nafisa wa Maskati

Assalaam alaykum. Samahanini kuingilia. Mie niko Maskati, nilipigwa altrasaundi kwa ajili ya mawe ya nyongo, wakaona kifuko cha maji kwenye ini, sentimita 2. Daktari akasema si kitu. Nimesoma huu uzi usiku sikulala. Utotoni kwetu tulifuga mbuzi na mbwa akikaa uani. Je hii ni hiyo CE1? Nianze albendazoli?

Mama Probu

Waalaykum salaam dada. Lala. Vifuko vya maji vya kawaida kwenye ini ni vingi mno, watu wanazaliwa navyo na wanazikwa navyo. Tofauti tunaitafuta kwenye ukuta. Kifuko cha kawaida ukuta wake hauonekani, maji yanaanza tu pale ini linapoishia. CE1 ina ukuta wake unaoonekana.

Ikiwa ukuta hauonekani, tunaandika CL. Maana yake ni sisti ambayo bado hatujaijua, na CL haipewi dawa wala sindano mpaka asili yake ijulikane. Mwombe aliyekupiga aangalie tena kwa probu ya juujuu, ile bapa inayotumika kwa tezi ya shingo. Inaonyesha ukuta vizuri zaidi kama sisti iko karibu na ngozi. Kipimo cha damu unaweza kufanya, ila jua kwamba kikiwa hasi hakikufungui. Sisti changa zisizovuja mara nyingi damu haizitambui, na za wazee zilizokufa vilevile. Picha ndiyo inayoongoza.

Kisu Kikali

Nimefuatilia kimya. Mimi ni wa upasuaji, na hizi nimezitoa nyingi. Naona mnaipamba sindano. Maji ya hidatidi yakimwagika tumboni, mambo mawili: mgonjwa anaweza kupata mzio mkali mezani palepale, na ile michanga inaota sisti mpya kila inapoangukia. Mimi nikifungua, nazungushia eneo lote vitambaa vilivyolowekwa maji makali ya chumvi, nanyonya, natoa utando wote kwa mkono wangu, naona kwa macho kama kuna tundu la nyongo, nalishona. Sindano haioni tundu la nyongo.

Na pia, kwa nini hamzungumzii CT? Altrasaundi inategemea mkono wa mtu. Mimi simpeleki mtu kwenye chumba cha upasuaji bila CT.

Mama Probu

Daktari, heshima yako. CT nakubali kwa kupanga njia: mishipa iko wapi, mapafuni kuna nyingine au la. Lakini kwa kusoma hatua, CT inadanganya. Utando mwembamba unaoelea na kuta za vifuko watoto mara nyingi CT haivioni, inakuonyesha duara la maji tupu na unaandika CE1 wakati ndani kumejaa watoto. Kama altrasaundi haiwezekani, tafuta MRI.

Tundu la nyongo, hilo umesema kweli na sitalipinga. Ndiyo maana PAIR si kuchoma tu. Mgonjwa ameanza albendazoli angalau saa 4 kabla. Njia ya mshipa iko wazi, adrenalini imevutwa tayari, mtu wa usingizi yuko karibu. Sindano inapita ndani ya nyama ya ini kwanza, haiingii sisti moja kwa moja kutoka tumboni, ili ikivuja nyama iibane. Unavuta kiasi, unayatazama maji. Ya hidatidi hai ni meupe pe kama ya chemchemi, na yanatoka kwa kasi kwa sababu yamebanwa. Tone linakwenda kwenye hadubini kuangalia vichwa vya minyoo, na mengine unayapima bilirubini, hata kijiti cha kupimia mkojo kinafaa. Kikionyesha nyongo, unasimama hapo. Huingizi kitu. Chumvi kali au spiriti ikipita kwenye mirija ya nyongo inaiunguza, na mirija ikishaziba kwa makovu umemharibia mtu maisha. Ikiwa safi ndipo unaweka maji ya chumvi ya asilimia 20, kama theluthi ya ulichovuta, kwa huyu mama mililita 60 hivi. Unasubiri dakika 10 hadi 15, unavuta yote. Albendazoli inaendelea mwezi mmoja.

Na hofu ya mzio mkali, ipo na inaua, lakini kwa mikono iliyofundishwa ni nadra kuliko tulivyodhani zamani, wakati vitabu vilipokuwa vinasema usithubutu kugusa hidatidi kwa sindano. Watunisia walianza PAIR katikati ya miaka ya 1980, na Turkana nayo ikawa kati ya sehemu zilizoitumia mapema. Kinachoua zaidi ni yule anayechoma bila kujua anachoma nini, anadhani ni jipu la amiba.

Dk Chipukizi

Nimekuelewa mama, nilirukia ukubwa. Ila niulize. Nina ripoti ya mgonjwa mwingine kutoka hospitali nyingine imeandikwa "hidatidi aina ya pili". Nimeichukulia kuwa CE2, yaani ile ya vifuko vingi kama sega la nyuki. Ni hivyo?

Mama Probu

Hapo pana mtego, na ni vizuri umeuliza. Kuna mpango wa zamani zaidi, wa Gharbi wa Tunisia, 1981, na madaktari wengi wazee bado wanautumia. Kwake aina ya pili ni sisti ambayo utando wa ndani umebanduka na unaelea kwenye maji. WHO sasa wanaiita CE3a. Sega la nyuki ni aina ya tatu ya Gharbi, na kwa WHO ndiyo CE2. Yaani 2 na 3 zimepishana.

Na tiba zinapishana nazo. Utando unaoelea bado ni chumba kimoja, PAIR inafaa. Sega la nyuki ni vyumba vingi, PAIR ya kawaida haifai. Ukisoma "aina ya pili" ukadhani sega, utampeleka kwenye kisu mtu wa sindano. Mpigie simu aliyeandika, au rudia picha mwenyewe. Usikisie.

Mfugaji Halisi

Mimi si daktari, nachunga. Kaka yangu alipasuliwa hii kitu, akatolewa sisti moja kubwa. Miaka imepita si mingi, tumbo limejaa tena, picha inaonyesha nyingi, nyingine ziko nje ya ini. Wakasema ni mpya, amekula tena uchafu wa mbwa. Nyumbani mbwa tulishamwondoa. Ilitokea wapi?

Kisu Kikali

Pole ndugu. Sikumwona kaka yako, kwa hiyo nasema kwa jumla. Zikiwa nyingi na ziko nje ya ini, kwenye utando wa tumbo, la kwanza ninalofikiria ni kumwagika. Ama wakati wa upasuaji, ama sisti ilipasuka yenyewe kabla, mtu alianguka au alipigwa. Alipewa albendazoli kabla na baada?

Mfugaji Halisi

Baada alipewa vidonge vya siku chache tu. Kabla sijui.

Kisu Kikali

Siku chache hazitoshi. Apelekwe mahali wanapoweza kumpiga picha tumbo zima na kifua, aanzishiwe dawa za muda mrefu kwanza. Zikiwa nyingi namna hiyo kisu si cha kukimbilia.

Babu wa Ngorongoro

Mimi ni ofisa mifugo mstaafu, huku kwetu Wamaasai wanaupata pia. Niulize kwa ajili ya Mfugaji na wengine: hii albendazoli si ndiyo ile ya minyoo, kidonge kimoja shuleni? Kwa nini watu wasimeze kimoja kila miezi 3 yakaisha?

Mama Probu

Shikamoo Babu. Dawa ni hiyohiyo, vita ni vingine. Kidonge cha shuleni kinaua minyoo iliyo kwenye utumbo, ambako dawa inafika yenyewe. Hapa mnyoo yuko ndani ya ini amejifungia kwenye maji yake, na dawa inatakiwa ipenye ukuta wote ule. Mtu mzima anameza miligramu 400 asubuhi na 400 jioni, kila siku, miezi 3 hadi 6, bila kupumzika katikati. Na ameze na chakula chenye mafuta. Maziwa yetu na nyama ya mafuta hapo vinasaidia, maana bila mafuta sehemu kubwa inapita tu. Damu ipimwe, ini na chembe nyeupe, mwanzoni kila wiki mbili kisha kila mwezi, kwa sababu dawa hii ikikaa mwilini muda mrefu inaweza kuumiza ini na kushusha chembe. Mjamzito hapewi, hasa miezi mitatu ya mwanzo. Na hata hapa hatua inaamua: CE1 ndogo chini ya sentimita 5 inaitikia vizuri, ya shemeji yetu haiitikii hivyo.

Babu wa Ngorongoro

Marahaba binti yangu. Basi kwa upande wetu kidonge ni cha mbwa, prazikwanteli, na maini yenye vifuko yachimbiwe shimo asiyafikie. Hayo nimeyahubiri miaka na mikaka, na bado ukienda machinjio ya porini unamkuta mbwa kakaa mstari wa mbele.

Tabibu Nyikani

Nimerudi. Samahani kwa kimya, mtandao huku ni wa kubahatisha.

Mama Probu, nimeangalia tena picha ya bibi. Kuna picha mbili. Kwenye moja ukuta mweupe ni mbele tu na giza limefunika kila kitu. Kwenye nyingine, iliyopigwa kutoka ubavuni kati ya mbavu, inaonekana mzunguko wote ni mweupe mnene na ndani kuna kijivu cha mistari iliyojikunjakunja. Hakuna kiduara cheusi hata kimoja.

Mama Probu

Safi, hiyo ya pili ndiyo picha. Nilikuuliza kwa sababu watu wakiona chokaa kwenye ukuta wanasema imekufa, wanafunga ripoti. Chokaa peke yake si ushahidi. Hata CE3b ya shemeji inaweza kuota chokaa ukutani huku watoto wako hai ndani, na kivuli cha chokaa kinawaficha. Ndiyo maana unatafuta dirisha lingine kupitia mbavuni. Kama ndani ni ugando na mikunjo ya utando uliokunjamana, hakuna kifuko chenye maji, na gamba ni la mzunguko mzima, hiyo ni CE5. Bila gamba ingekuwa CE4. Zote mbili tunaziita zilizolala.

Bibi hana maumivu, hana homa, hana manjano? Basi mwili wake umemaliza kazi bila msaada wa mtu. Ukimpasua unamtia hatarini kwa kutoa kitu kilichokufa, na albendazoli haina cha kuua mle. Kuangalia tu ndiyo tiba yake, picha kila mwaka, kwa miaka kadhaa. Mwambie hivyo: hajaachwa afe, yeye ndiye mwenye hali nzuri kuliko wote watatu.

Tabibu Nyikani

Nimemwambia. Amecheka, kasema basi shemeji asimwonee wivu.

Sasa kuna jipya. Mama, wakati akisubiri tarehe ya sindano, walimwanzishia albendazoli, amekula wiki kadhaa. Jana wamempiga picha tena na sasa ndani ya maji kuna utepe mweupe unaoelea unacheza akigeuka. Sentimita 6 na nusu. Ripoti safari hii imeandikwa CE3a, nimefurahi. Lakini je, imezidi au imepungua? Bado achomwe?

Dk Chipukizi

Hapo si imekufa? Utando umebanduka, dawa imefanya kazi. Mimi ningeendelea na vidonge tu nisimchome.

Mama Probu

Una nusu ya haki tena, Chipukizi. Utando ukibanduka shinikizo la ndani limeshuka, na wengine wa CE3a kweli wanakwenda kufa wenyewe. Walipopima maji ya sisti hizi kwa mashine za kuchunguza kemia yake, CE3a zilitoka mchanganyiko, nyingine hai na nyingine zimekufa, wakati CE3b zilitoka hai. Tatizo ni kwamba kwa macho ya altrasaundi huwezi kuzitenganisha. Kwa hiyo kwa sentimita 6 na nusu, mwongozo bado ni PAIR na albendazoli, sawasawa na CE1. Nawajua wenzangu ambao wangesubiri miezi 3 waone, na siwezi kuwaita wajinga.

Ila Tabibu, nijibu moja kabla ya chochote. Utando ukibanduka, mara nyingine sababu si dawa, ni sisti imetoboka kwenye mrija wa nyongo. Macho yake ni ya manjano? Alipata homa au maumivu ya ghafla? Mrija mkuu wa nyongo wamepima?

Kisu Kikali

Hilo ndilo nililokuwa nasubiri uliseme. Akiwa na manjano, sindano ifungwe kabatini.

Tabibu Nyikani

Macho meupe, homa hana, hajapata maumivu mapya. Bilirubini ya damu iko kawaida. Ripoti inasema mrija wa nyongo milimita 4.

Kisu Kikali

Basi sina pingamizi, mchomeni. Lakini maji yapimwe nyongo vilevile, kipimo cha damu hakioni tundu dogo.

Mama Probu

Tumekubaliana, jamani andikeni tarehe. Tabibu, akishafanyiwa, usishtuke picha ya mwezi wa kwanza ikionyesha maji yamerudi kidogo. Hilo peke yake si kushindwa. Unachotaka kuona ni utando umekunjamana na ndani panaanza kuganda kadiri miezi inavyokwenda. Ukiona viduara vyeusi vinachipuka ndani ya ugando, hapo ndipo unipigie kelele.

Tabibu Nyikani

Sawa. Kilichobaki ni shemeji. Nimemchorea mchangani, duara moja la mama na duara lake lenye viduara ndani, nikamwonyesha kijiti kinaingia kipi. Ameelewa haraka kuliko nilivyotegemea. Lakini upasuaji amekataa. Anasema hana maumivu, mvua imenyesha, mifugo inahama, na anataka vidonge kama vya mama.

Kisu Kikali

Mwambie aje kabla haijapasuka. CE3b ya sentimita 7 kwa mtu anayepanda milima na kupigana na fahali ni bomu. Mimi ningeitoa mwaka huu.

Mama Probu

Mimi hapa natofautiana kidogo na daktari. Iko kina kipi, Tabibu? Ikiwa juujuu, inagusa ukingo wa ini, nakubaliana na kisu. Ikiwa ndani kabisa na hana dalili, kuna wanaoanza na albendazoli wakijua mipaka yake. Kuna pia wenye mirija minene ya kunyonya hata ule ugando, lakini hiyo si kazi ya kila hospitali.

Akichagua vidonge, mweleze kitakachotokea asije akadhani amepona. Baada ya miezi, vile viduara vinaweza kupotea na sisti ikaonekana imelala kama CE4. Picha inapendeza, mgonjwa anaaga. Halafu ndani ya miaka miwili vinarudi palepale, sana tu kwa hawa waliolazwa na dawa. Ya bibi ililala yenyewe, na hizo huwa hazirudi kirahisi. Kwa hiyo shemeji apigwe picha kila miezi 6 kwa miaka miwili, kisha kila mwaka hadi mitano, na mpigaji atafute viduara vyeusi tu, habari ya sentimita iwe ya pili.

Kisu Kikali

Mtu wa kuhamahama, picha kila miezi 6? Mama, unajua hatarudi.

Mama Probu

Alirudi kwa sababu ya ng'ombe zake, daktari. Huenda akarudi tena.

Tabibu Nyikani

Iko juujuu. Nimeuliza leo, wamesema inagusa ukingo wa mbele, chini ya mbavu, ukibonyeza unaihisi. Ng'ombe wanaondoka wiki ijayo. Naenda bomani kesho kuongea naye na mkewe, nitawaambia walichosema.